Alama 9 kati ya 21

Alikuja kwangu Jumamosi moja mwezi wa Agosti, na kabla hajafungua kifuniko cha piano akaniwekea karatasi mapajani. Yalikuwa matokeo yake ya gredi 8, mtihani alioufanya Novemba iliyotangulia, na nilikuwa nimeyaona zamani. Binti huyu alikuwa na miaka 17, anamaliza shule Nairobi, na alikuwa ameamua kuomba nafasi ya kusomea shahada ya muziki Uingereza, kwa upande wa upigaji piano. Alihitaji barua kutoka kwa mwalimu wake wa chombo. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa karatasi ile, akaniuliza, "Mwalimu, hii tisa utaificha vipi?"

Nimekumbuka swali lile mara nyingi, kwa sababu wazazi na wanafunzi wengi huielewa barua ya mapendekezo hivyo hivyo: kazi ya mwalimu ni kusifu na kuficha. Nilimwambia sitaificha. Nilimwambia kwamba hiyo tisa ndiyo itakayobeba barua nzima. Hakunielewa siku ile, na sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilichukua miaka kadhaa kulielewa jambo hilo.

Kwanza niieleze karatasi yenyewe. ABRSM ni bodi ya mitihani ya muziki yenye makao London, iliyoanzishwa mwaka 1889, na wanafunzi wengi wa piano Afrika Mashariki hupimwa nayo kuanzia gredi 1 hadi 8. Mtihani wake wa kawaida una alama 150. Mwanafunzi hupiga vipande vitatu, kila kimoja alama 30. Kisha kuna skeli, alama 21. Kusoma nota papo hapo, alama 21. Na mtihani wa sikio, alama 18. Kufaulu ni alama 100, daraja la kati ni 120, la juu kabisa ni 130. Binti huyu alipata 26, 25 na 24 kwenye vipande, 14 kwenye skeli, 14 kwenye sikio, na 9 kwenye kusoma nota papo hapo. Jumla ni 112. Alifaulu, kwa sababu kinachohesabiwa ni jumla, lakini kwenye kusoma nota alikuwa chini ya alama 14 zinazotosha kufaulu sehemu ile.

Kusoma nota papo hapo ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Msahihishaji anakupa ukurasa wa muziki ambao hujawahi kuuona, anakupa nusu dakika uutazame na kujaribu kidogo, kisha unaupiga. Anayesoma vizuri hupiga kwa mwendo usiokatika, hata akikosea nota mbili tatu. Anayesoma vibaya hukosea, anasimama, anarudi kurekebisha, anakosea tena, na wimbo unakatikakatika kama gari linaloishiwa mafuta. Kwa mtu anayeomba kusomea muziki kwa miaka minne, akitarajiwa kila wiki kuwa na kazi mpya mbele yake, kusindikiza waimbaji na kupiga na wenzake kwenye vikundi, alama 9 ni swali ambalo walimu wa chuo lazima waliulize.

Sasa tazama jinsi maombi yanavyokwenda. Vyuo vingi vya muziki vya Uingereza vinavyofundisha upigaji, vile vinavyoitwa konsavatori, hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni unaoitwa UCAS Conservatoires. Kuna vichache vinavyopokea maombi vyenyewe, kwa hiyo ni vyema kuangalia chuo kimoja kimoja. Mfumo huo unadai wadhamini wawili. Mmoja ni wa masomo, kwa kawaida mwalimu wa shule, anayeeleza kama mwanafunzi ataziweza insha, historia ya muziki na nadharia. Wa pili ni wa vitendo, na huyo ndiye mwalimu wa chombo. Siku ya mwisho kwa kozi za muziki huangukia mwanzoni mwa Oktoba, saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza, ambayo kwetu Nairobi na Dar es Salaam ni saa mbili usiku. Yaani karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo, wakati wanafunzi wetu wengi hata hawajaanza kufikiria maombi.

Baada ya maombi hufuata usaili. Mwombaji anapiga mbele ya jopo, au kama yuko mbali anatuma video, ikiwa chuo chenyewe kinakubali. Jopo linasikia vipande viwili au vitatu, na mara nyingi yote yanaisha katika dakika chache. Hapo ndipo uamuzi unapofanywa, na sitaki kumdanganya mtu: hakuna barua itakayomwingiza mwanafunzi aliyepiga vibaya. Walimu wale wana masikio. Wakisikiliza ukurasa wa kwanza tu wanajua vidole vyake vikoje, sauti anayoitoa ikoje, na kama anaelewa anachokipiga.

Lakini kuna jambo ambalo usaili hauwezi kulionyesha hata ukichukua saa nzima. Unaonyesha mwanafunzi amefika wapi, bila kuonyesha ametoka wapi wala amefika kwa kasi gani. Vijana wawili wanaweza kupiga sonata ile ile kwa kiwango kile kile, mmoja akiwa amefundishwa kila wiki tangu ana miaka mitano kwenye piano nzuri ya nyumbani, mwingine akiwa na miaka mitatu tu ya masomo ya kweli. Jopo linaona viwango vinavyolingana. Mwalimu wa chuo, atakayekaa na kijana huyo chumba kimoja kila wiki kwa miaka minne, anataka kujua zaidi: nikimrekebisha, nini kinatokea? Baada ya muda gani? Ananisikiliza tu, au anakwenda nyumbani akafanya kazi? Mtu mmoja tu ndiye anayejua majibu ya maswali hayo, na ni yule aliyekaa kando ya kiti cha piano miaka yote hiyo.

Barua yangu ya kwanza kabisa, niliyoiandika miaka mingi iliyopita kwa kijana mwingine, haikujibu hata swali moja kati ya hayo. Nilisema ana bidii, ana nidhamu, ana kipaji cha pekee, ni mpole, na atakuwa fahari ya chuo chochote. Kila neno lilikuwa kweli. Nilipoisoma tena baadaye niligundua kwamba kama ningefuta neno "piano" na kuweka "hesabu" au "mpira wa miguu", barua ingebaki vilevile. Kijana yule alistahili barua iliyoandikwa na mtu aliyemsikia akipiga, na mimi nilikuwa nimemsikia kwa miaka sita bila kuandika hata kitu kimoja nilichokisikia. Jambo hilo bado linaniuma.

Tangu hapo nina daftari. Baada ya kila somo naandika mistari miwili au mitatu: tarehe, kipande, nilichokirekebisha, na somo lililofuata lilikuwaje. Mwalimu anayesoma makala haya na kutaka kuchukua kitu kimoja tu, achukue daftari. Barua ya mapendekezo haiandikwi Septemba kwa kukumbuka, kwa sababu kumbukumbu ya mwalimu hubaki na sifa tu, na matukio huyasahau.

Basi wiki ile nilifungua madaftari ya binti yule. Alianza kwangu akiwa na miaka 14. Kabla ya hapo alikuwa akipiga kibodi kanisani tangu ana miaka 11, bila mwalimu, kwa kusikiliza tu. Ilikuwa kibodi ya vibonye 61, myepesi, isiyo na uzito wa nyundo za piano. Hiyo peke yake inaeleza mengi. Piano kamili ina vibonye 88, na kila kibonye kina uzito unaokuruhusu kutoa sauti ndogo au kubwa kwa namna unavyokigusa. Mtu aliyezoea kibodi nyepesi huja kwenye piano na vidole vya haraka lakini visivyojua kupima sauti. Ajabu ni kwamba piano za wakati wa ujana wa Beethoven nazo zilikuwa na vibonye 61 hivi, na sonata zake za mwanzo hazitoki nje ya hapo. Ila zake zilianza kwenye F ya chini, na kibodi nyingi za leo huanza kwenye C iliyo juu ya hiyo, kwa hiyo nota saba za chini hazipo. Binti alipokuwa akijifunza nyumbani sonata ya Beethoven ya C maina, Opus 10 namba 1, ilibidi mkono wa kushoto uzipandishe nota za chini kabisa, kisha akija kwangu auteremshe tena mahali pake. Aliifanya kazi hiyo mara mbili bila kulalamika. Sikuweka hadithi ya Beethoven kwenye barua, maana jopo linaijua. Niliweka ukweli kwamba hakuwa na piano nyumbani, na kwamba alikuja kutumia yangu siku nne kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, kwa miaka mitatu.

Kabla ya kuandika hilo nilimwomba ruhusa. Hali ya nyumbani kwa mwanafunzi ni yake na ya wazazi wake. Mwalimu hana haki ya kuimwaga mbele ya wageni ili wamhurumie. Niliongea naye na mama yake, nikawaeleza kwamba nataka kusema habari ya kibodi na siku nne, kwa sababu zinaeleza kasi yake, na kwamba sitagusa habari ya kodi ya nyumba wala ugonjwa wa baba. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Andika yanayohusu kinanda, Mwalimu. Mengine tutayabeba wenyewe." Huo ukawa mpaka, na mpaka wenyewe ni mzuri kwa barua yoyote: hali ya maisha iingie pale tu inapoeleza jambo la muziki.

Nilianza barua kwa kusema mimi ni nani na namjuaje. Watu huiruka sehemu hii au huijaza vyeo. Jopo linahitaji kujua kipimo changu, kwa hiyo niliandika nimefundisha miaka mingapi, wanafunzi wangapi wamepitia kwangu na wangapi wamefika gredi 8. Ni wachache sana, na nilisema hivyo, kwa sababu mwalimu anayedai kwamba mwanafunzi wake ni bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha lazima aseme hao "wote" ni wangapi. Kuwa bora kati ya wanne si aibu. Kuiacha idadi ile ifikiriwe kuwa ni mia ndiyo makosa.

Kisha nilikwenda moja kwa moja kwenye fuga. Mwaka uliopita alikuwa akijifunza Preludi na Fuga ya C maina kutoka kitabu cha kwanza cha Bach, cha mwaka 1722. Fuga ile ina sauti tatu: wimbo mmoja mfupi unaanza kwa sauti moja, unapokelewa na ya pili, kisha na ya tatu, na zote zinaendelea pamoja kama watu watatu wanaozungumza bila kukatizana. Ugumu wake uko kwenye sauti ya kati. Haina mkono wake yenyewe. Mara inachukuliwa na mkono wa kulia, mara wa kushoto, na kwa mwanafunzi wengi inapotea kabisa, unasikia ya juu na ya chini tu.

Daftari la Machi linasema hivi. Tarehe 14: "Sauti ya kati imezama. Nimemwambia aiimbe peke yake, bila piano, hadi aijue kama wimbo." Tarehe 21: "Ameimba sauti ya kati yote huku akipiga nyingine mbili. Sikumwagiza hilo. Ametoka jasho." Tarehe 28: "Sauti tatu zinasikika. Mwendo umepungua, lakini haukatiki." Kwa barua niligeuza mistari hiyo kuwa sentensi nne. Sikusema kwamba anafundishika. Nilisema nilimpa zoezi moja, akalirudisha baada ya siku saba likiwa gumu kuliko nilivyoagiza, na baada ya siku nyingine saba tatizo lilikuwa limekwisha. Mwalimu wa chuo akisoma hapo anajua jinsi somo lake na mtoto huyu litakavyokuwa.

Ndipo nikafika kwenye tisa.

Kulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kunyamaza, nikitumaini hawataiona. Nilikataa, kwa sababu matokeo ya mtihani huulizwa, na barua iliyonyamaza juu ya jambo lililo wazi hupoteza imani hata kwa mema yaliyomo. Ya pili ni kulaumu: alikuwa na mafua, umeme ulikatika, msahihishaji alikuwa mkali. Wala hakukuwa na mafua. Ya tatu ni kueleza sababu, kisha kilichofanyika baadaye, kisha hali ilivyo leo, kwa mpangilio huo, bila kupamba.

Sababu ilikuwa kibodi ya kanisani. Kwa miaka mitatu alijifunza kwa sikio, na sikio lake lilikuwa zuri kiasi kwamba hakuhitaji karatasi. Akisikia wimbo mara mbili anao. Kwa hiyo alipoanza kusoma nota kwangu, alikuwa akisoma kipande mara moja, anakikariri, na kuanzia hapo macho hayarudi tena kwenye ukurasa. Mimi pia nilichelewa kuliona. Nilidhani anasoma kumbe anakumbuka. Hilo nalo nililiandika, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa linamweleza mwanafunzi: udhaifu wake wa kusoma ulitokana na nguvu yake ya kusikia.

Baada ya matokeo, Desemba, tulianza mpango mdogo. Kila siku alichukua wimbo mmoja wa kitabuni wa sauti nne asioujua, akautazama nusu dakika, akaupiga mara moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sheria ilikuwa moja: kutosimama. Ukikosea, wacha, endelea. Mwanzoni alipiga kwa mwendo wa kinyonga, na mara nyingi alilia, si kwa uchungu wa makosa bali kwa kukatazwa kurudi kuyarekebisha. Kwa mtu mwenye sikio kama lake, kupita juu ya kosa ni kama kupita juu ya mtu aliyeanguka. Machi aliweza nyimbo zenye shapu au flati mbili. Mei, tatu na nne. Julai mwalimu wa kwaya ya shule yao aliugua, na binti akasindikiza mazoezi ya kwaya wiki tatu kwa kusoma tu, muziki ambao hakuwa ameupiga kabla.

Niliandika yote hayo katika aya moja, na nikaimaliza kwa kusema palipobaki pagumu: muziki wenye akordi nene na funguo zenye shapu au flati tano na zaidi bado unamkatiza. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa violini, aliposoma rasimu alinisihi niitoe sentensi hiyo. Niliiacha. Jopo likimpa ukurasa wa papo hapo siku ya usaili, na vyuo vingine hufanya hivyo, litasikia hasa nilichosema. Na likisikia hivyo, litaamini pia niliyosema kuhusu fuga.

Kulikuwa na udhaifu mmoja zaidi. Kiganja chake ni kidogo, anafikia oktavu kwa kunyoosha, na anapopiga oktavu za haraka kifundo cha mkono kinakaza na sauti inakuwa ngumu kama ya ubao. Niliutaja kwa sentensi mbili, pamoja na kazi tunayoifanya, nikasema bado haijakamilika. Sikuona haja ya kuusherehekea wala kuuombea radhi.

Kitu nilichokiacha kabisa ni tabia yake kanisani, adabu yake kwa wakubwa, na alama zake za Kiingereza na hesabu. Ya shule ni ya mdhamini wa shule. Wadhamini wawili wakisema mambo yale yale, nafasi ya mmoja imepotea bure. Na alama za mtihani sikuzirudia zote, kwa sababu tayari zimo kwenye fomu. Nilitaja ile moja tu niliyokuwa na la kusema juu yake.

Barua ilikuja ukurasa mmoja na vistari vichache. Ni urefu wa kutosha. Anayezisoma ana rundo mbele yake.

Hapa niseme jambo ambalo limeenea kwetu na linalowaumiza wanafunzi bila wao kujua. Mwalimu huambiwa barua inahitajika, naye hujibu, "Andika wewe, nitaweka sahihi." Namwelewa, ana kazi nyingi na pengine Kiingereza cha barua kinamtisha. Lakini mwanafunzi hawezi kuandika barua hiyo, hata awe hodari namna gani, kwa sababu hajawahi kukaa upande ule wa kiti. Hakusikia sauti ya kati ikizama. Yeye alikuwa akipiga. Ataandika sifa, kwa kuwa ndizo anazodhani zinatakiwa, na sauti yake kwenye barua itafanana na sauti yake kwenye maelezo binafsi aliyoyaandika kwenye fomu ile ile. Msomaji anayesoma kurasa hizo mbili mfululizo ataona mkono mmoja. Kama Kiingereza ndicho kikwazo, afadhali mwalimu aandike mambo matano aliyoyaona kwa Kiswahili, na mtu mwingine anayeaminika ayafasiri. Mambo matano ya kweli kwa sentensi fupi yanazidi kurasa mbili za maneno mazuri.

Na mwanafunzi naye ana wajibu. Amwombe mwalimu mapema, angalau wiki sita kabla. Amwambie hasa anaomba kozi gani, kwani barua ya konsavatori ya upigaji si barua ya chuo kikuu ambako muziki husomwa zaidi kwa historia, utunzi na utafiti. Anayeomba chuo kikuu cha kawaida Uingereza huwa na barua moja tu, inayotumwa na shule, na hapo mwalimu wa piano huchangia aya moja kwa mwalimu wa shule badala ya kuandika barua yake. Vyuo vikuu vya kwetu navyo vina njia zake, na mara nyingi uzito uko kwenye matokeo ya mitihani ya taifa. Mwalimu asiyejua kozi ataandika barua isiyo na mahali pa kwenda.

Kuna na hili la baruapepe. Ombi la barua humfikia mdhamini kwa njia hiyo, na mara nyingine huangukia kwenye ujumbe taka. Mwalimu akikaa kimya akidhani hajaombwa, na mwanafunzi akikaa kimya akidhani ameshaandika, Oktoba inapita. Sisi tulikubaliana kwamba siku atakayoingiza jina langu kwenye fomu atanipigia simu, si kutuma ujumbe, na nitafungua baruapepe nikiwa naye kwenye laini. Ujumbe ulikuwa kwenye takataka kweli.

Niliituma tarehe 24 Septemba usiku. Kama ningeamua kutomwonyesha binti yule, ningekuwa na haki. Kuna walimu wanaoona barua iwe siri ili iaminike, na huko Marekani mwombaji huulizwa kama yuko tayari kuacha haki yake ya kuisoma. Mimi nilimsomea, kwa sababu hakuna kitu ndani yake ambacho nilikuwa sijamwambia kwenye kiti cha piano. Alisikiliza kimya hadi mwisho. Aliponyamaza nilidhani ameumia kwa habari ya funguo za shapu tano, lakini aliniuliza kuhusu Machi: "Kumbe uliandika tarehe?" Nikampa daftari alitazame mwenyewe. Alisoma kurasa nyingi, akicheka mahali pengine, kisha akarudi kwenye ukurasa wa wiki ile, ambao ulikuwa na mstari mmoja tu juu ya oktavu na kifundo cha mkono. Akaliweka daftari juu ya piano, akafungua kifuniko, na akaanza zile oktavu, polepole, mkono wa kulia peke yake.